Asiyenisikia Anyooshe Mkono

Hotuba bora kuliko zote nilizowahi kutoa ilisikiwa na watu wanne, na mmoja wao ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, saa nane kamili mchana, katika chumba cha mikutano cha ofisi yetu hapa Morogoro. Feni tumeigeuzia ukutani isivume kwenye maiki. Mimi nimefunga tai, ya kwanza tangu harusi ya shemeji yangu. Semina ilikuwa ya mtandaoni, kwa njia ya Zoom, kuhusu kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi, na nilikuwa nimepewa kazi ya kuifungua kwa sababu mtaani kwetu nina sifa ya ushereheshaji. Nikaanza. Nikatoa salamu za dini zote na za itikadi zote. Nikamtambulisha mwenyeji wetu, nikaitaja mada, nikaweka sheria za kuuliza maswali, na mwisho kabisa nikatangaza namba ya kijana wetu wa TEHAMA kwa yeyote atakayepata shida ya mitambo. Dakika kumi na moja bila kukwama hata neno moja. Nilipomaliza nikanyamaza kidogo, nikiwapa watu nafasi ya kunipigia makofi huko waliko.

Kijana wa TEHAMA, aliyekuwa meza ya pili, akasema kwa upole: "Kaka, hatujafungua."

Kumbe Zoom ya semina, tofauti na ile ya vikao vya kawaida, ina kitu kinaitwa Practice Session. Ni kama kule nyuma ya pazia kabla ngoma haijatoka: mwenyeji na watoa mada mnaonana, mnasikizana, mnajaribu maiki, ila wasikilizaji hawaoni wala hawasikii chochote mpaka mwenyeji abonyeze Start Webinar. Kitufe hicho kilikuwa juu ya kioo changu muda wote, kinaniangalia. Mimi nilikuwa naangalia tai. Nje ya pazia watu 143 walikuwa wamekodolea macho maandishi ya kuwaambia wasubiri, na mkurugenzi wetu alikuwa ameshapigiwa simu mara tatu kuulizwa kama shughuli imeahirishwa.

Nikakibonyeza, nikaanza upya. Hotuba ya mara ya pili ilikuwa kama chai iliyopashwa: ni ileile, lakini kila mtu anajua.

Niseme kwa kujitetea kwamba ushereheshaji wa harusi haumwandai mtu kwa kazi hii. Ukumbini asiyekusikia unamwona. Anamwinamia jirani, anaweka kiganja sikioni, au anapiga kelele "Sautiii!" na fundi wa muziki anakimbilia spika. Kwenye semina ya Zoom wasikilizaji hawana kamera na maiki zao zimefungwa tangu mlangoni. Unachokiona ni sura yako mwenyewe na namba inayopanda kwenye kona. Basi unauliza kama tulivyozoea: "Jamani, mnanisikia?" Halafu unasubiri. Mimi niliboresha zaidi. Nilisema, na nimerekodiwa nikisema: "Asiyenisikia anyooshe mkono."

Hakunyoosha mtu. Nikasema, "Vizuri sana, naona wote tuko pamoja," nikaendelea.

Siku hiyo jioni nilipigiwa simu na mama mmoja wa Kigoma, mkulima, sauti yake imejaa huruma kuliko hasira. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema. "Nimekaa saa nzima nakuangalia, midomo inacheza. Nikasema huyu kijana anaumwa au anaomba dua?"

Nikamuuliza alichokuwa anakiona kwenye simu yake. Akaeleza vizuri kuliko fundi yeyote. Alipoingia, kuna kidirisha kilimjia kinamuuliza mambo ya sauti. Yeye amezoea kwamba kila kidirisha kinachojitokeza kwenye simu ni tangazo la bahati nasibu, akakifunga. Kumbe ndicho kilichokuwa kinamtaka akubali kuunganisha sauti. Angegusa kioo mara moja, upande wa chini pangetokea Join Audio, na angegusa hapo angenisikia. Hakujua, na mimi niliyepaswa kumwambia nilikuwa namwambia kwa mdomo.

Hapo ndipo nilipoiona kasoro yenyewe. Tangazo la msaada wa kiufundi ndilo tangazo pekee katika ufunguzi ambalo walengwa wake hawawezi kulisikia. Anayelisikia halihitaji, na anayelihitaji anaona midomo tu. Na mimi, kwa adabu ya vikao vyetu, nililiweka mwisho kabisa, baada ya itifaki, baada ya wasifu, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutuamsha salama, kama vile mtu unayemwonyesha mlango wa dharura baada ya moto kuzimwa.

Kwa semina ya pili, wiki mbili baadaye, nilijiona nimeerevuka. Jambo la kwanza nililolitamka ni namba ya msaada. Nikaitaja tarakimu kwa tarakimu, nikairudia, nikaitaja mara ya tatu kwa wale wanaotafuta kalamu. Kisha, ili kufunga kabisa mlango wa lawama, nikaiandika kwenye Chat. Kila baada ya dakika kadhaa nikaiandika tena. Jumla mara sita. Mkurugenzi, aliyekuwa ameingia kutoka ofisini kwake, akajibu kwenye Chat: "Ahsante, nimeshaihifadhi." Nikashangaa kidogo kwamba ni yeye peke yake aliyejibu, lakini nikachukulia kuwa watu wengine hawana malezi.

Ukiandika kwenye Chat ya semina, juu ya mahali pa kuandikia kuna sehemu ya kuchagua ujumbe uende kwa nani. Yangu ilikuwa imesimama kwenye Hosts and panelists. Namba ya msaada ilikuwa imetumwa mara sita kwa watu watano waliokuwa katika jengo moja na fundi. Kijana akaja kunigeuzia iwe Everyone, akanipiga begani, akaondoka bila kusema neno. Ukimya wa kijana wa TEHAMA una maneno mengi.

Hata baada ya hapo bado kulikuwa na tundu. Zoom haimwonyeshi mtu ujumbe wa Chat uliotumwa kabla hajaingia. Aliyeingia saa nane na dakika ishirini anaikuta Chat nyeupe kama daftari jipya, hata kama wewe umejaza humo namba na maelekezo. Na sisi tunajuana: saa nane kamili huwa wameingia theluthi. Wengine wanamalizia chakula, wengine wanatafuta vocha ya bando, wengine wanaamini kwamba dakika thelathini za kwanza za shughuli yoyote ni salamu, na kwa historia yangu hawakukosea. Kwa hiyo kila wimbi jipya likiingia ujumbe uleule lazima urushwe tena, na anayeurusha asiwe yule anayeongea, maana anayeongea atasahau.

Siku hiyohiyo tulijifunza pia kwamba namba ya msaada lazima iwe na mtu. Tulikuwa tumeitoa namba ya kijana. Kijana ndiye pia aliyekuwa anasogeza slaidi. Simu ya kwanza ikaita, mlio wake ni wa taarabu, ukaingia kwenye maiki yangu na kwenda hewani hadi Songea. Akakimbilia koridoni kuipokea. Simu hazikukatika kwa dakika kumi na tano, na muda wote huo mtoa mada wetu, mama mmoja mtafiti wa wadudu waharibifu, alikuwa anasema "slaidi inayofuata tafadhali" kwa upole unaozidi kupungua, na picha ya dumuzi aliyekuzwa ikabaki kwenye kioo anatutazama.

Lakini koridoni huko kijana alifanya kazi ambayo mimi naiona ni ya kitabibu. Alirudi na matokeo yake ameyaandika nyuma ya bahasha. Kila aliyepiga simu alimuuliza swali moja tu la kuanzia: "Je, midomo inacheza?" Kama midomo inacheza na sauti hakuna, mtandao wako ni mzima, tatizo ni sauti ya simu yako. Tafuta Join Audio, gusa, kubali. Au umepokea simu ya kawaida katikati ya semina, sauti ikakatika, na ulipomaliza maongezi haikurudi. Toka, uingie upya. Kama midomo imeganda mtu kakaa kama picha ya kitambulisho, hapo ni mtandao. Funga programu nyingine, sogea dirishani, na kaka yako anayepakua filamu mwambie apumzike. Kama sauti inajirudia kama mko pangoni, kuna simu mbili chumba kimoja. Mara nyingi ni baba na mwanawe, kila mmoja anajifunza kivyake. Mmoja azime sauti.

Na kuna kipimo cha nne, ambacho ni chetu wenyewe. Mtu mmoja akiandika kwenye Chat "sauti hakuna", tatizo liko kwake na apige simu. Watu kumi wakiandika hivyo ndani ya dakika moja, tatizo liko kwetu na maiki ndiyo ya kutazamwa. Mimi kabla ya hapo nilikuwa nafanya kinyume: mmoja akilalamika nasimamisha shughuli yote na kuuliza "mnanisikia?", kumi wakilalamika nasema mtandao wa nchi leo si mzuri.

Habari ya maswali nayo ina mkasa wake. Kwenye kila ufunguzi nilikuwa natoa sheria kama hakimu: maswali yawe mafupi, yaandikwe kwenye Q&A na siyo kwenye Chat, yasubiri mwisho, kila mtu swali moja. Sheria nzuri. Hakuna aliyezifuata. Chat ikajaa "Shikamooni nyote", "Marahaba", "Marahaba ya nani?", "Nipo Mpanda mvua inanyesha", na katikati ya mafuriko hayo swali moja la maana kutoka kwa dada wa Mbozi kuhusu mifuko iliyotobolewa na panya. Lilikuja likapita kama basi la usiku. Tulikuja kuligundua siku ya pili.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Kwenye simu janja vile vitufe vya chini hujificha vyenyewe baada ya sekunde chache, na lazima uguse kioo mara moja ndipo vitokeze. Mimi nilikuwa nasema "bonyezeni Q&A hapo chini" kwa watu ambao hapo chini yao hapakuwa na kitu isipokuwa kidevu changu. Wengi wao walikuwa kwenye simu. Mimi nilikuwa kwenye laptopu, ambayo vitufe vimejipanga muda wote kama askari wa gwaride.

Nikaona basi turuhusu na mikono. Msikilizaji akigusa Raise Hand, mwenyeji anaona jina lake, anabonyeza Allow to Talk, na msikilizaji anaulizwa kwenye simu yake kama anakubali maiki ifunguliwe. Mzee mmoja wa Songea akanyoosha mkono. Nikamruhusu. Akakubali, nadhani bila kujua alichokubali, kisha simu akaiweka mezani. Tukasikia kuku. Tukasikia redio, taarifa ya bei za mazao. Halafu tukasikia sauti yake mwenyewe, ya utulivu, akimwambia mkewe: "Mtaalamu bado hajaanza. Kuna mmoja hapa anaongea sana."

Watu 160 walikuwa hewani. Mkurugenzi alicheka mpaka akazima kamera.

Mzee alipozinduka hakuuliza swali. Alisema, "Mimi sina swali, nina mchango," sentensi ambayo kila mshereheshaji wa nchi hii akiisikia hutafuta kiti. Mchango ulichukua dakika saba, ulipitia enzi za mahindi ya njano, na kwa kweli ulikuwa mzuri, lakini sheria yangu ya swali moja fupi iliwekwa kaburini hapo.

Kuhusu kuitambulisha mada nitasema kidogo, maana nilisema sana siku zile. Nilidhani kutambulisha mada ni kuonyesha kuwa umeielewa. Kwa hiyo nikawaeleza wasikilizaji kwamba ile mifuko ya kuzuia hewa ina matabaka matatu, mawili ya plastiki ndani na moja la mfuko wa kusuka nje. Kwamba kila tabaka la ndani hufungwa peke yake, likabanwa vizuri, ili wadudu waliomo waimalize hewa na kufa humo humo bila dawa. Kwamba mahindi lazima yakauke kwanza, na kipimo cha nyumbani ni chumvi: unaweka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unafunga, unatikisa, unaacha itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Nikamkaribisha mtaalamu. Yule mama akakaa kimya kidogo, akasema, "Nashukuru. Kama alivyokwisha kusema mshereheshaji…" na alisema hivyo mara tano kabla ya kufikia slaidi ambayo sikuwa nimeisema.

Sasa mwenyeji. Hili lilitaka kunigharimu ajira. Kwa Kiswahili chetu mwenyeji ni mkubwa wa nyumba, mtu wa kukaribisha na kukaribishwa. Kwenye Zoom, Host ni mtu mwenye vitufe. Mkurugenzi alipoona jina langu limeandikwa Host na lake limeandikwa vinginevyo, hakusema kitu mbele za watu, ila aliniita pembeni akaniuliza: semina hii ni ya nani? Kwa semina ya pili nikamkabidhi uenyeji wote, wa heshima na wa vitufe. Nikasoma wasifu wake wa kurasa nne kuanzia shule ya msingi, huku yeye mtandao umemtupa nje tangu ukurasa wa pili, na mimi naendelea kumsifu mtu asiyekuwepo. Akarudi. Saa tisa na robo akakumbuka ana kikao kingine. Kwa ustaarabu wake akaandika kwenye Chat, "Naomba kuondoka, endeleeni," kisha akabonyeza kile kitufe chekundu cha End na kukubali kila alichoulizwa.

Host akifunga kwa End ya watu wote, hakuna anayebaki wa kuendelea. Mama mtafiti alikatwa katikati ya neno "hatimaye". Watu 160 wakatupwa nje kwa mpigo, na simu ya kijana ikaanza taarabu.

Semina ya tatu ilikuwa mwezi uliopita. Nitaieleza ilivyokwenda.

Asubuhi ya siku hiyo kila aliyejiandikisha alipata meseji ya mistari minne: kiungo cha kuingilia, saa, namba ya msaada, na maneno "ukiingia ukaulizwa habari za sauti, kubali, siyo tangazo". Saa tuliiandika kwa kutaja na mahali, kwa sababu mara ya kwanza tuliandika "saa 8:00" tu. Bwana mmoja wa Bujumbura aliingia saa nane yake, ambayo kwetu ni saa tisa, akatukuta tunaagana akauliza kama ndiyo tunaanza. Na kijana mmoja anayesoma ng'ambo aliisoma 8:00 kama wanavyoisoma huko, akaamka alfajiri bure.

Robo saa kabla, tukiwa bado nyuma ya pazia, kijana alijaribu maiki zote na kunionyesha kwa kidole Start Webinar ilipo. Saa nane kasoro dakika tano akanishika mkono nikaibonyeza. Hakuna aliyeachwa bila maelekezo: kwenye kioo cha kila aliyeingia kulikuwa na slaidi moja, maandishi makubwa ya kusomeka kwenye simu ndogo: "Ukisikia muziki, gusa kioo, kisha gusa Raise Hand. Usiposikia, piga namba hii." Na namba chini yake. Muziki ulikuwa unapigwa kutoka kwetu. Asiyesikia hakuhitaji kusikia ili ajue kwamba hasikii. Simu ya msaada ilikuwa koridoni, kwenye mtetemo, mkononi mwa binti wa mapokezi mwenye ile bahasha ya kijana na asiyekuwa na kazi nyingine yoyote. Slaidi alizishika kijana.

Saa nane kamili tulikuwa na watu 118. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa 91. Kwa mara ya kwanza nilijua kitu kuhusu watu ninaoongea nao: ishirini na saba ama hawasikii, ama hawajakiona kitufe, ama wako jikoni. Tukasubiri dakika mbili, binti wa mapokezi akapokea simu tisa, mikono ikafika 109. Kijana akaishusha yote kwa pamoja. Nikaanza, na nilichosema chote ni hiki:

"Karibuni. Sauti ikikukatikia baadaye, namba ya msaada iko kwenye slaidi na kwenye meseji ya asubuhi. Tufanye zoezi moja. Gusa kioo, gusa Q&A, andika jina la wilaya yako, tuma. Humo ndimo maswali yatakamoandikwa, na nitayasoma mara mbili: katikati na mwishoni. Salamu ni kwenye Chat, salimianeni mtakavyo. Leo tunajifunza namna ya kujua kama mahindi yamekauka kabla hujayafunga. Mwenyeji wetu ni mkurugenzi, atawakaribisha kwa sentensi mbili. Anayefundisha ni mtafiti wa wadudu wa ghalani, na hicho ndicho alichofanya maisha yake yote. Mama, karibu."

Pamoja na ukaribisho wa mkurugenzi, ambao ulikuwa wa sentensi sita, tulitumia dakika tatu na nusu. Zile wilaya kwenye Q&A kijana alizifuta huku mama akianza, na aliyekwisha kuandika Namtumbo humo hakupotea tena alipotaka kuuliza habari za panya. Maswali yalikuja 34. Mzee wa Songea aliandika lake, mistari kumi na minne, linaanza na "Mimi sina swali".

Uenyeji wa vitufe uko kwangu sasa. Mkurugenzi jina lake tumelibadilisha kwenye kioo, limeandikwa MWENYEJI kwa herufi kubwa mbele ya jina, na ameridhika. Jambo moja tu hakulikubali. Baada ya semina aliniita, akafunga mlango, akaniambia kazi ilikuwa nzuri, ila hakuelewa kwa nini sikuzingatia itifaki.

Semina inayofuata ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa nane mchana ya Morogoro, saa saba ya Bujumbura. Namba ya msaada utaikuta kwenye meseji. Tafadhali piga hiyo. Usinipigie mimi, nitakuwa naongea.